Naitrojeni Inapokosa Njia ya Kutokea

Mkulima wa mahindi wa Mbeya au Kitale anaujua vizuri mfuko wa urea wa kilo 50, ule ulioandikwa 46-0-0. Namba ya kwanza inamwambia kwamba asilimia 46 ya uzito ni naitrojeni, nayo ndiyo anayoitaka shambani. Kemikali hiyohiyo, bila tofauti yoyote, inatengenezwa muda huu kwenye ini la msomaji wa makala hii, inapita kwenye figo na kuishia chooni.

Hesabu yake si ngumu. Takriban asilimia 16 ya protini ni naitrojeni. Mtu mzima anayekula gramu 70 za protini kwa siku, awe ameipata kwenye maharage, dagaa au nyama, anaingiza gramu 11 hivi za naitrojeni. Kama mwili wake haukui, kilichoingia lazima kitoke, na sehemu kubwa hutoka ikiwa urea, kama gramu 20 kwa siku. Kwa mwendo huo mtu mmoja angeujaza mfuko wa mkulima yule katika miaka saba hivi.

Lakini protini inapovunjwa, naitrojeni haitoki moja kwa moja ikiwa urea. Hutoka kwanza ikiwa amonia, na amonia ni sumu kwa ubongo. Samaki hana shida nayo, kwa kuwa huiachia majini kupitia matamvua nayo maji huichukua. Sisi wa nchi kavu tunaihifadhi damuni mpaka tutakapokwenda haja, kwa hiyo inabidi ibadilishwe iwe kitu kisichodhuru. Tofauti kati ya hivyo viwili ni kubwa mno. Damu ya mtu mzima mwenye afya huwa na amonia isiyozidi mikromoli 50 hivi kwa lita. Urea kwenye damu hiyohiyo inaweza kufika mikromoli 5,000 kwa lita na mwenyewe asihisi chochote.

Namna ini linavyoigeuza amonia kuwa urea iligunduliwa mwaka 1932 huko Freiburg, Ujerumani, na daktari kijana Hans Krebs pamoja na mwanafunzi wa udaktari Kurt Henseleit. Walikata ini la panya vipande vyembamba, wakavilaza kwenye maji ya chumvi yenye amonia, kisha wakaongeza kemikali mbalimbali, moja baada ya nyingine, wakipima urea iliyotoka. Walipoongeza amino asidi iitwayo ornithini, urea iliongezeka ghafla. Kilichowashangaza ni kwamba ornithini haikuwa ikipungua. Kiasi kidogo tu kilitosha kutoa urea nyingi kuliko chenyewe, tena mara nyingi. Maana yake ornithini haikuwa ikiliwa. Ilikuwa ikitumika, inarudi mwanzo, inatumika tena. Huo ulikuwa mzunguko wa kwanza wa kikemia kutambuliwa katika mwili wa kiumbe hai.

Mwaka uliofuata Krebs alifukuzwa kazi na utawala wa Wanazi kwa sababu alikuwa Myahudi. Akahamia Uingereza, na mwaka 1937, akiwa Sheffield, akaeleza mzunguko wa pili, ule wa asidi sitriki, ambao seli hutumia kuvuna nishati kutoka kwenye chakula. (Jarida la Nature lilikataa kuuchapisha. Ulitoka kwenye jarida jingine, na Tuzo ya Nobel ikafuata mwaka 1953.) Mizunguko hiyo miwili ya mtu mmoja, kama tutakavyoona, imeungana.

Hatua ni tano. Mbili za kwanza hufanyika ndani ya mitokondria, vile vyumba vidogo vya seli vinavyozalisha nishati, na tatu zilizobaki nje yake, kwenye majimaji ya seli. Katika hatua ya kwanza kimeng'enya cha CPS1 kinaunganisha amonia na bikaboneti, kwa gharama ya molekuli mbili za ATP, kutengeneza kabamoili fosfati. Hapo naitrojeni ya kwanza imeshakamatwa. Katika hatua ya pili kimeng'enya kiitwacho OTC kinaikabidhi kabamoili fosfati kwa ornithini, na kinachotoka ni sitrulini. Sitrulini hii ndiyo ileile inayopatikana kwa wingi kwenye tikiti maji, na ni kwenye maji ya tikiti ilikotambuliwa mara ya kwanza.

Sitrulini inatoka nje ya mitokondria, na hapo inakutana na amino asidi nyingine, aspatati. Katika hatua ya tatu hivyo viwili vinaunganishwa kuwa ajininosaksinati, kwa gharama nyingine ya ATP. Aspatati imekuja na naitrojeni moja mkononi, na hiyo ndiyo naitrojeni ya pili ya urea. Katika hatua ya nne ajininosaksinati inakatwa vipande viwili. Kipande kimoja ni ajinini, chenye naitrojeni zote zinazotakiwa. Kingine ni mifupa mitupu ya aspatati iliyokwisha kutoa mzigo wake, nayo huitwa fumarati. Hatua ya tano ni fupi: kimeng'enya cha ajinasi kinaikata ajinini kwa maji, urea inaanguka, na kilichobaki ni ornithini ileile, tayari kurudi mitokondria.

Wengi wakiishia hapo huona wamemaliza somo. Mimi naona jambo lenyewe linaanzia kwenye ile fumarati, ambayo vitabu vya shule huitaja kwa mstari mmoja na kuipita.

Fumarati ni mojawapo ya viungo vya mzunguko wa asidi sitriki. Inapozaliwa kwenye mzunguko wa urea haitupwi. Inageuzwa kuwa malati, na malati inageuzwa kuwa oksaloasetati, hatua zilezile za mzunguko wa pili. Kisha oksaloasetati inapokea naitrojeni kutoka kwa amino asidi iitwayo glutamati, na inakuwa nini? Aspatati. Imerudi kazini na mzigo mpya, inasubiri sitrulini nyingine. Kwa hiyo kuna magurudumu mawili yanayozunguka kwa mnyororo mmoja, na ndiyo maana wanafunzi wa biokemia huuita muungano huu baiskeli ya Krebs.

Muungano huo unalipa pia. Kutengeneza urea moja kunaigharimu seli vifungo vinne vya fosfati vyenye nishati. Malati inapogeuka kuwa oksaloasetati, seli inavuna nishati inayotosha kutengeneza ATP mbili na nusu hivi. Zaidi ya nusu ya gharama imerudi. Lakini faida kubwa zaidi si ya nishati. Ni kwamba nusu ya naitrojeni ya urea haipiti kwenye amonia huru kabisa. Inapitia glutamati, kisha aspatati. Jambo hili tulishike, kwa sababu ndilo linaloamua mgonjwa apewe dawa gani pale kimeng'enya kimoja kinapokosekana.

Kila kimojawapo cha vimeng'enya vitano kinaweza kukosekana, lakini kinachokosekana mara nyingi kuliko vyote ni OTC, kile cha hatua ya pili. Jeni yake iko kwenye kromosomu X. Mwanamke ana X mbili, kwa hiyo jeni moja ikiharibika ana nyingine ya kumsaidia. Mwanamume ana X moja tu.

Tuchukue mtoto wa mfano, ambaye dalili zake ni zile madaktari wa fani hii wanazozijua. Ni wa kiume, amezaliwa miezi ikiwa imetimia, ana kilo 3.2, amelia vizuri na amenyonya siku ya kwanza bila tabu. Alipokuwa tumboni ini la mama ndilo lililokuwa likimsafishia amonia kupitia kondo, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuugua. Sasa kitovu kimekatwa. Maziwa yanaingia, na pamoja na hayo mwili wake, kama wa kila mtoto mchanga, unavunja sehemu ya protini yake siku zile za mwanzo anapopungua uzito. Amonia inaanza kujaa.

Siku ya pili jioni muuguzi anapita kitandani. "Mama, ananyonya?" "Tangu alfajiri hataki, sista. Analala tu." Usiku anatapika. Asubuhi mwili ni wa baridi, amelegea, na anapumua harakaraka. Saa chache baadaye inakuja degedege, kisha hazinduki.

Daktari yeyote wa wodi ya watoto wachanga atawaza kwanza maambukizi kwenye damu, na atakuwa na haki, kwa maana maambukizi ni ya kawaida na ugonjwa huu ni adimu. Antibaiotiki zitaanzishwa, kama inavyopaswa. Lakini kuna kidokezo kimoja kwenye kipimo cha gesi za damu. Mtoto mwenye maambukizi makali kwa kawaida damu yake inakuwa na asidi nyingi. Huyu damu yake imeelekea upande wa pili, pH iko 7.5, kwa sababu amonia inauchochea ubongo kupumua kwa kasi na kaboni dioksidi inapungua mno. Mtoto mchanga mgonjwa, asiyezinduka, anayepumua haraka na ambaye damu yake si ya asidi, anahitaji kupimwa amonia saa hiyohiyo. Cha pili, urea kwenye damu yake iko chini sana. Kwa macho ya haraka hilo huonekana jema, kwa kuwa tumezoea kuogopa urea iliyopanda. Hapa lina maana kwamba ini haliitengenezi.

Kipimo cha amonia chenyewe ni kigumu kukifanya sawasawa, hasa kwenye joto. Damu ichukuliwe kwenye mshipa unaotiririka, bila kufunga mkono kwa nguvu, kichupa kiwekwe kwenye barafu papo hapo na kifike maabara ndani ya robo saa au nusu saa hivi. Kichupa kilichosahauliwa juu ya meza adhuhuri ya Dar es Salaam kitaendelea kutengeneza amonia chenyewe, na jibu litakuwa kubwa la uongo. Ndiyo maana jibu lililopanda kidogo hurudiwa. Mtoto wetu, hata hivyo, ana 900. Kwa mtoto mchanga mwenye afya namba hiyo kwa kawaida haivuki 100, na kichupa kilichocheleweshwa peke yake si maelezo ya kutosha ya namba kubwa kiasi hicho.

Ubongoni mambo yako hivi. Seli zinazozizunguka neva huichukua amonia na kuibandika kwenye glutamati, ikawa glutamini. Kwa amonia kidogo ni kinga nzuri. Kwa amonia nyingi glutamini inarundikana ndani ya seli, inavuta maji, na seli zinavimba. Fuvu halina nafasi ya ubongo uliovimba. Kwa miaka mingi ilidhaniwa pia kwamba ukamataji huu wa amonia unaumaliza ubongo nishati kwa kunyang'anya kiungo kimojawapo cha mzunguko wa asidi sitriki, alfaketoglutarati, ambacho ndicho chanzo cha glutamati. Wazo hilo linavutia na bado limo vitabuni, ila ushahidi wake haujawa na nguvu kama ule wa uvimbe. Kilicho hakika ni kwamba kadiri mtoto anavyokaa muda mrefu bila kuzinduka, ndivyo ubongo unavyozidi kubaki na kilema.

Amonia imepanda, lakini mnyororo umekatika wapi? Hapo hatua tano tulizozieleza zinakuwa ramani. Kama OTC ndiyo iliyokosekana, kilichopaswa kutengenezwa mbele yake, yaani sitrulini, kitakuwa kidogo sana kwenye damu. Kilichoko nyuma yake, kabamoili fosfati, kitajaa hadi kumwagika nje ya mitokondria, na huko kinatumiwa kutengeneza kitu kingine kabisa, asidi oroti, inayotoka kwa wingi kwenye mkojo. Kama tatizo lingekuwa CPS1, sitrulini ingekuwa chini vilevile, ila asidi oroti isingepanda, kwa sababu kabamoili fosfati yenyewe haipo. Tatizo likiwa hatua ya tatu, sitrulini inarundikana kupita kiasi. Likiwa la nne, ajininosaksinati inaonekana, nayo kwa mtu mwenye afya huwa haionekani.

Matibabu ya mtoto wetu yanaanza kabla majibu hayo hayajafika. Protini inasimamishwa kwa siku moja au mbili, si zaidi, kwa maana mwili usiopewa protini kabisa utaanza kula misuli yake na kuzalisha amonia hiyohiyo tunayoikimbia. Anapewa glukosi nyingi kwenye mshipa ili asitafute nishati kwingine. Amonia ya 900 haingoji dawa, inaondolewa kwa mashine ya kusafisha damu. Pasipo na mashine ya kumfaa mtoto mchanga hutumika njia ya tumboni, ambayo inaondoa amonia polepole zaidi.

Kisha inatafutwa njia nyingine ya naitrojeni kutokea. Miaka ya 1970 na 1980 Saul Brusilow na wenzake wa Johns Hopkins, Marekani, waliona kwamba haina haja kulazimisha mlango uliofungwa. Sodiamu benzoeti, ileile inayotiwa kwenye soda zisiharibike, inajiunga na amino asidi ya glisini na kutoka nayo kwenye mkojo, naitrojeni moja kila safari. Fenilasetati inajiunga na glutamini na kutoka na naitrojeni mbili, sawa na urea. Mwili utatengeneza glisini na glutamini nyingine kuziba pengo, na kwa kufanya hivyo utatumia naitrojeni ambayo ingekuwa amonia.

Dawa ya tatu ndiyo inayotufikisha kwenye ile fumarati. Mzunguko ukikatika mwili haupati ajinini ya kutosha, na ajinini inahitajika kujenga protini, kwa hiyo lazima aongezewe. Mtu angesema basi tumpe ajinini. Lakini mwenye tatizo la OTC au CPS1 hufaa zaidi kupewa sitrulini katika matibabu yake ya kila siku. Sitrulini inaingia mbele ya mahali palipokatika, inakutana na aspatati, na ili igeuke kuwa ajinini ni lazima iichukue ile naitrojeni ya aspatati. Upande wa asidi sitriki haukuharibika kwa mtoto huyu. Aspatati zipo, zimekosa tu wa kuwakabidhi mzigo. Kila molekuli ya sitrulini inayomezwa inaondoka na naitrojeni moja ya ziada ambayo ajinini isingeigusa. (Tikiti maji halitoshi, nalitaja kwa kuwa najua litaulizwa. Vipimo vya dawa ni gramu za sitrulini tupu kila siku.)

Kwa mwenye tatizo la hatua ya nne mambo yanageuka. Yeye anapewa ajinini, tena kwa wingi. Ajinini inakatwa na kutoa ornithini, ornithini inapokea amonia na kuwa sitrulini, sitrulini inapokea naitrojeni ya aspatati na kuwa ajininosaksinati. Hapo njia imeziba, lakini ajininosaksinati inayeyuka vizuri na figo linaitoa kwenye mkojo ikiwa imebeba naitrojeni zote mbili. Anayemtibu hana haja ya kuizibua njia. Anaendelea kumwongezea ajinini tu, kwa sababu kwa kila safari ornithini moja inapotea mkojoni. Hasara ni kwamba fumarati haizaliwi, hivyo seli lazima itafute oksaloasetati nyingine ya kutengenezea aspatati, na ini la wagonjwa hawa linaweza kuharibika taratibu hata amonia ikiwa imedhibitiwa.

Turudi kwa mama wa mtoto wetu, kwa sababu anayempima mtoto asimsahau. Swali la kumuuliza ni kama yeye, dada zake au mama yake waliwahi kufiwa na watoto wa kiume wakiwa na siku chache tu. Si kila mama ni mbebaji, wakati mwingine kosa linaanzia kwa mtoto mwenyewe, lakini aliye mbebaji kila mtoto wake wa kiume ana nafasi ya nusu kwa nusu. Mbebaji mwenyewe anaweza kuishi miaka 30 bila kujua, isipokuwa labda hapendi nyama tangu utotoni na anaumwa kichwa akila sana. Hatari inamjia siku chache baada ya kujifungua, wakati mfuko wa uzazi unajinywea na protini yake inavunjwa, au akianzishiwa valproeti kwa ajili ya kifafa, dawa inayopandisha amonia. Anaanza kuchanganyikiwa, anaongea yasiyoeleweka, kisha analala usingizi wasioweza kumwamsha. Nyumbani watasema amepandisha, hospitali watasema ni wazimu wa uzazi. Kipimo cha amonia kinachukua tone dogo la damu.

Tiba inayoondoa tatizo lenyewe kwa sasa ni kupandikizwa ini, kwa kuwa mzunguko mzima wa urea hufanyika humo. Mwaka 2025 hospitali ya watoto ya Philadelphia ilitangaza njia nyingine. Mtoto mchanga mwenye tatizo la CPS1 alitengenezewa, katika muda wa miezi sita, dawa ya kurekebisha herufi moja iliyokosewa kwenye jeni yake, akapewa dozi tatu kati ya Februari na Aprili. Baada ya hapo aliweza kula protini zaidi na dawa za kuondoa naitrojeni zikapunguzwa kwa nusu. Hazikuachwa. Na dawa ile iliandikwa kwa ajili ya kosa lake peke yake: hata mtoto mwingine mwenye tatizo la CPS1, kosa likiwa kwenye herufi nyingine, haimfai.